Jicho linapozimika ghafla bila kuuma: kiharusi kisichopooza mkono

MTU akiamka na jicho jekundu, linalowasha na kutiririka machozi, hakawii kutafuta daktari kwa sababu maumivu humsukuma. Lakini jicho likizimika ghafla bila kuuma, bila wekundu na bila tongotongo, ni rahisi kulifikicha, kulinawa kwa maji baridi, kisha kusubiri. Jicho la pili bado linaona. Ng'ombe watakamwa, duka litafunguliwa, na safari ya kwenda Kitale au Bungoma mjini itaahirishwa hadi siku ya soko.

Kutouma huko ndiko kunakodanganya. Utando wa retina, ulioko nyuma ya jicho na ambao hupokea mwanga, hauna neva za maumivu. Unaweza kunyimwa damu na kufa pasipo mwenyewe kuhisi lolote isipokuwa giza. Mojawapo ya sababu kuu za giza la namna hiyo ni kuziba kwa mshipa wa damu wa retina. Mwaka wa 2021 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa taarifa ya kitaalamu kuhusu kuziba kwa ateri kuu ya retina, na kueleza kwamba hali hiyo ni aina ya kiharusi inayostahili kushughulikiwa kwa haraka ileile ya kiharusi cha ubongo.

Si kwamba neno "kiharusi" limetumiwa kwa kutia chumvi. Ateri inayolisha retina ni tawi la ateri ya jicho, na ateri ya jicho ni tawi la ateri kubwa ya shingoni, ile ile ambayo hupeleka damu kwenye ubongo. Chembe ya mafuta iliyobanduka katika ukuta wa mshipa wa shingo, au donge dogo la damu lililotoka moyoni, hufika njia panda. Likipinda upande mmoja, mkono na mguu hupooza na ulimi huwa mzito. Likipinda upande wa pili, jicho huzimika. Chanzo ni kimoja.

Mishipa ya retina ni ya aina mbili, na tofauti kati yake ni muhimu. Ateri huleta damu safi kutoka moyoni. Vena hurudisha damu iliyokwisha kutumika. Ateri ikiziba, retina hukauka kama shamba lililofungiwa mfereji. Vena ikiziba, damu hukosa pa kutokea, na retina hufurika. Magonjwa haya mawili hufanana kwa mgonjwa, kwani yote hayaumi na kwa kawaida hushika jicho moja, lakini mwendo wake, tiba yake na hatari zake havifanani.

Mkulima wa Kiminini

Tuchukue mfano, uliotungwa kutokana na jinsi ugonjwa huu unavyoelezwa na wataalamu, wa mkulima wa mahindi mwenye umri wa miaka 58 anayeishi Kiminini, kando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye. Aliambiwa miaka mitatu iliyopita kwamba ana shinikizo la damu. Alimeza vidonge kwa muda, akajisikia mzima, akaviacha.

Saa 12:30 asubuhi anamaliza kukamua. Anapoinua ndoo, anaona kama kwamba kivuli kimemwangukia upande wa kulia. Anafunga jicho la kushoto kwa kiganja na kugundua kwamba jicho la kulia halioni chochote ila mwanga hafifu pembeni. Hakuna maumivu. Mkewe anamshauri alinawe jicho. Jirani analeta dawa ya matone iliyobaki wakati mtoto wake alipougua macho. Saa 3:00 asubuhi ndipo anapanda bodaboda. Saa 3:45 yuko hospitalini Kitale, anajiunga na foleni pamoja na watu wenye mtoto wa jicho na mzio, na anapoitwa ni saa 5:00.

Tabibu makini humwuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Mzee, mara ya mwisho una hakika jicho hili lilikuwa likiona sawasawa ilikuwa saa ngapi?"

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Retina ni miongoni mwa viungo vyenye njaa kubwa ya hewa ya oksijeni mwilini. Daktari mtafiti Sohan Singh Hayreh, aliyefanya kazi kwa miongo mingi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alifunga ateri kuu ya retina ya nyani aina ya rhesus kwa vipindi tofauti ili ajue retina inavumilia muda gani. Mshipa ulipofungwa kwa takriban dakika 97, retina iliweza kurudia hali yake. Ulipofungwa kwa dakika 240, yaani saa nne, madhara yalikuwa makubwa na ya kudumu. Jicho la binadamu halifuati hesabu ya maabara kwa usahihi huo, kwa maana mara nyingine mshipa hauzibi kabisa na damu kidogo huendelea kupita, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba mshipa uliozibwa kabisa huua retina mapema zaidi. Hata hivyo kipimo cha saa nne kimebaki kuwa mpaka unaotajwa sana.

Mkulima wa mfano wetu alipoteza nuru saa 12:30. Alipoitwa saa 5:00, saa nne na nusu zilikuwa zimekwisha. Safari yenyewe ilichukua dakika 45 tu. Muda uliobaki uliliwa na kunawa, na matone ya jirani, na benchi la hospitali. Iwapo angeamka na jicho likiwa tayari limezimika, hesabu ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu saa huanza kuhesabiwa tangu alipolala akiona wala si tangu alipoamka.

Kurunzi na mboni

Kipimo kinachomtenganisha mgonjwa huyu na wenzake wa foleni hakihitaji mtambo. Kinahitaji kurunzi yenye mwanga mkali na chumba chenye giza kidogo, vitu ambavyo hata zahanati ya kijijini haivikosi.

Mgonjwa huambiwa atazame mbali. Mwanga huelekezwa kwenye jicho zima kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Mboni, yaani tundu jeusi la katikati, hujikunyata, na mboni ya jicho la pili hujikunyata pamoja nayo hata kama haikumulikwa, maana ubongo huziamuru zote mbili kwa pamoja. Kisha kurunzi huhamishwa upesi hadi kwenye jicho lililozimika. Kama retina au neva ya jicho hilo imeharibika, ubongo hupokea habari hafifu na kudhani kwamba mwanga umepungua. Mboni, badala ya kubaki imejikunyata, hupanuka huku ikiwa imemulikwa. Kurunzi ikirudishwa kwenye jicho zima, hujikunyata tena. Madaktari huiita alama ya Marcus Gunn, daktari wa macho wa Uskoti wa karne ya 19.

Ubora wa kipimo hiki ni kwamba mtoto wa jicho, hata aliyekomaa kabisa na kuwa mweupe, kwa kawaida haleti alama hiyo. Na hili si jambo dogo. Wako watu wanaokuja wakiapa kwamba jicho limepofuka jana, kumbe mtoto wa jicho amekuwa akikua kwa miaka miwili, na jana ndiyo mara ya kwanza walipofunika jicho zima, pengine baada ya kuingiwa na vumbi. Huyo anaweza kupangiwa siku ya upasuaji. Yule ambaye mboni yake hupanuka ikimulikwa hawezi kupangiwa siku. Inahitajika hatua saa hiyo hiyo.

Daktari wa macho akichungulia ndani ya jicho la mkulima kwa kioo chake, huona retina iliyogeuka nyeupe kama maziwa yaliyochacha, na katikati yake doa jekundu kama tunda dogo lililoiva. Doa hilo ndilo sehemu pekee yenye rangi ya kawaida. Katikati kabisa ya retina, mahali tunapotumia kusomea, utando ni mwembamba mno, na damu ya tabaka la nyuma, ambalo lina mishipa yake yenyewe isiyoziba, huonekana kupitia hapo. Kwingineko utando ni mnene, umevimba na kufa ganzi, hivyo hauonyeshi kilicho nyuma yake. Katika saa za mwanzo kabisa weupe huu huenda bado haujajitokeza, na daktari mwenye haraka anaweza kusema kwamba jicho halina kasoro. Ndiyo maana kipimo cha kurunzi hakipasi kurukwa.

Mbinu kongwe na dawa ya kuyeyusha damu

Daktari Mjerumani Albrecht von Graefe alieleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1859, katika mgonjwa ambaye moyo wake ulikuwa umeshambuliwa na maambukizi na kutupa donge hadi jichoni. Tangu wakati huo mbinu nyingi zimejaribiwa. Jicho hukandwa kwa vidole juu ya kope lililofungwa, ili donge lisukumwe mbele. Maji kidogo hutolewa kwa sindano katika chumba cha mbele cha jicho. Vidonge vya kushusha presha ya jicho hutolewa. Mgonjwa huambiwa apumue ndani ya mfuko ili mishipa itanuke. Mbinu hizi bado hutumika hapa na pale, lakini hakuna hata moja iliyothibitishwa kurudisha nuru kuliko kumwacha mgonjwa alivyo, na kuchoma sindano ndani ya jicho kuna madhara yake.

Njia ya pili ni dawa za kuyeyusha donge la damu, zile zinazotumika kwa kiharusi cha ubongo. Hutiwa kwenye mshipa wa mkono ndani ya saa nne na nusu tangu nuru ipotee, na ni lazima kwanza ubongo upigwe picha ya skani kuhakikisha kwamba hauvuji damu. Ushahidi wake haujatulia. Utafiti uliofanywa Ulaya na kuchapishwa mwaka wa 2010, ambapo dawa ilipelekwa kwa mrija hadi kwenye mshipa wa jicho, haukuonyesha faida kuliko mbinu kongwe, na wagonjwa waliopewa dawa walipata madhara zaidi. Wakosoaji walieleza kwamba kwa wastani wagonjwa hao walitibiwa zaidi ya saa 10 baada ya kuugua, wakati retina ilikuwa imekwisha kufa. Hoja yao ina maana, lakini haitoshi kuigeuza dawa hiyo kuwa tegemeo.

Kwa hiyo ni haki mgonjwa aambiwe ukweli: jicho lililozimwa na ateri kuu mara nyingi halirudi. Bila tiba yoyote, chini ya mtu 1 kati ya 5 hupata tena uoni wa kumfaa. Wengine huokolewa na maumbile, kwani baadhi ya watu huzaliwa na mshipa mdogo wa ziada unaolisha sehemu ya katikati ya retina kutoka tabaka la nyuma. Ateri kuu ikiziba, mshipa huo huendelea kufanya kazi, na mwenye bahati hiyo hubaki na tundu dogo la uoni linalotosha kusomea.

Basi haraka ni ya nini, kama jicho lenyewe huenda limekwisha? Jibu ni kwamba mgonjwa hana jicho tu. Takriban mtu 1 kati ya 4 ambao ateri ya retina yao imeziba, ubongo wao ukipigwa picha mara moja hukutwa na alama mpya za kiharusi, hata kama hawajahisi udhaifu wowote wa mkono wala mguu. Hatari ya kupata kiharusi kikubwa huwa juu zaidi katika siku na majuma ya mwanzo. Hapo ndipo panapookolewa maisha, na hapo ndipo panapopotea mara nyingi, kwa sababu mgonjwa hupewa barua ya kliniki ya macho ya juma lijalo na kurudi nyumbani.

Turejee kwa mkulima wa Kiminini. Presha yake imepimwa na kukutwa 190 kwa 110. Tabibu amemshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima, akaona kwamba hayana mpangilio: mawili ya haraka, moja la kuchelewa, matatu ya haraka. Mapigo ya namna hiyo humaanisha kwamba chumba cha juu cha moyo kinatetemeka badala ya kusukuma. Damu hutuama ndani yake, huganda, na vipande hubanduka. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho huchukua dakika chache, huthibitisha hilo.

Mgonjwa wa aina hii anapaswa kupelekwa siku hiyo hiyo mahali penye skani na madaktari wa moyo na ubongo. Kwa wakazi wa Kitale, hospitali kuu ya rufaa ya eneo hilo ni ile ya Moi mjini Eldoret, umbali wa kilomita 70 hivi. Wa Bungoma hupitia Webuye kufika huko. Picha ya ubongo ikionyesha kwamba hakuna damu iliyovuja, madaktari huamua ni lini aanze dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo hupunguza sana uwezekano wa donge jingine kutoka kwenye moyo huo. Kama mapigo yangekuwa sawa, wangetafuta chanzo kwenye mishipa ya shingo kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, na dawa ingekuwa aspirini pamoja na ile ya kushusha lehemu.

Kosa moja ni la kuepukwa njiani. Ndugu wakisikia kwamba presha ni 190, hutaka ishushwe papo hapo, na wengine humpa mgonjwa vidonge viwili au vitatu kwa mpigo. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo na jicho vilivyo na njaa ya damu hupata damu kidogo zaidi. Ishushwe taratibu na kwa amri ya daktari.

Kuna swali jingine ambalo mkulima aliulizwa: je, hali hii iliwahi kumpata kabla? Alikumbuka kwamba majuma matatu kabla, akiwa kanisani, pazia la kijivu lilishuka juu ya jicho lile lile, likakaa kwa muda wa wimbo mmoja, likapanda. Hakumwambia mtu. Hilo lilikuwa onyo. Donge dogo lilifika, likakwama, likavunjika na kupita. Mtu ambaye jicho lake huzimika kwa dakika tano na kurudi hana ugonjwa uliopona. Ana dharura ileile, ila bado jicho lake na ubongo wake ni vizima, na hakuna wakati ambapo matibabu yana faida kubwa kuliko huo.

Vena inapoziba

Upande wa vena mambo huenda polepole. Mchuuzi wa nguo wa soko la Chwele, Bungoma, mwenye umri wa miaka 63 na kisukari cha muda mrefu, na huyu pia ni wa mfano, huamka Jumanne na kuona ukungu katika jicho la kushoto. Jumatano ukungu umekuwa mzito. Bado anaona vidole, lakini noti ya shilingi 200 na ya 1,000 humchanganya. Anadhani miwani imepitwa na wakati na ananunua nyingine sokoni.

Ndani ya jicho lake, daktari angeona picha tofauti kabisa na ile ya mkulima: si weupe, bali madoa ya damu yaliyotapakaa pande zote, na vena zilizovimba na kujipinda. Sababu ya kawaida ni kwamba ateri na vena za retina hupitana zikiwa zimefungwa ndani ya ala moja. Ateri ikishakuwa ngumu kutokana na presha, kisukari na umri, huibana vena iliyo laini, damu hupunguza mwendo, kisha huganda. Presha ya jicho, au glaukoma, huongeza uwezekano huo.

Kinachomfifishia nuru mama huyu ni maji yanayovuja kutoka kwenye vena zilizojaa na kuivimbisha sehemu ya katikati ya retina. Uvimbe huo, tofauti na retina iliyokufa kwa kukosa ateri, hutibika. Dawa huchomwa kwa sindano nyembamba ndani ya jicho lililotiwa ganzi, kwa kawaida kila mwezi mwanzoni, kisha kwa vipindi virefu kadiri uvimbe unavyopungua. Sindano moja haitoshi, na hapa ndipo wagonjwa wengi hukata tamaa, kwa vile kila sindano ni nauli na siku ya soko iliyopotea. Hospitali ya macho ya Sabatia, katika kaunti ya Vihiga, ni miongoni mwa vituo maalumu ambavyo wakazi wa magharibi mwa Kenya hutegemea kwa magonjwa ya macho.

Asipotibiwa wala kufuatiliwa, hatari iliyo mbele yake ni mbaya kuliko ukungu. Retina yenye njaa hutoa kemikali inayochochea mishipa mipya kuota, na mishipa hiyo huota mahali pasipostahili, hata juu ya sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, na kuziba mifereji ya maji ya jicho. Takriban miezi mitatu baada ya ukungu ule wa Jumanne, jicho ambalo halikuuma hata kidogo huanza kuuma vikali, huwa jekundu, na presha yake hupanda kupita kiasi. Madaktari wa zamani waliita hali hii glaukoma ya siku 100. Ikigunduliwa mapema, mishipa hiyo huzuiwa kwa miale ya leza pamoja na sindano zile zile. Ndiyo sababu mwenye vena iliyoziba huitwa kliniki kila mwezi kwa miezi ya mwanzo hata kama haoni mabadiliko.

Vijana nao

Itakuwa kosa kudhani kwamba magonjwa haya ni ya wazee pekee. Magharibi mwa Kenya, ambako malaria imekuwa ikiwasumbua watu kwa vizazi vingi, ugonjwa wa selimundu umeenea kuliko katika nyanda za juu za kati. Chembe za damu zenye umbo la mundu hukwama kwenye mishipa myembamba, na retina ina mishipa myembamba kweli kweli. Kijana mwenye selimundu akisema jicho limezimika, hapaswi kusubiri. Huhitaji maji ya mshipani na mara nyingine kubadilishiwa damu, tiba ambazo hutolewa wodini wala si katika chumba cha macho.

Chanzo kingine cha ujanani ni moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, inayofuata maumivu ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Vali zilizokakamaa hutengeneza madonge kama yale ya mkulima wetu, hata kwa mwanamke wa miaka 25. Kwa kijana asiye na sababu yoyote iliyo wazi, daktari ataagiza pia vipimo vya virusi vya Ukimwi na kaswende.

Yapo mengine yanayoweza kuzima jicho bila maumivu. Retina iliyobanduka hutanguliwa na vimulimuli kama radi na vijidoa vyeusi vinavyoelea, kisha pazia hupanda au kushuka kutoka pembeni. Hiyo nayo ni ya kuwahi, kwani upasuaji kabla ya sehemu ya katikati kubanduka huokoa uoni. Mwenye kisukari anaweza kuvuja damu ndani ya jicho na kuona kama moshi mweusi. Mtu mwenye umri wa kuzidi miaka 50 anayeumwa kichwa upya, na taya zikimchoka anapotafuna, huenda ana uvimbe wa ateri za kichwa, ugonjwa usio wa kawaida sana miongoni mwa Waafrika lakini unaoweza kupofusha jicho la pili katika siku chache usipotibiwa. Na kama macho yote mawili yamezimika pamoja baada ya kunywa pombe haramu, hiyo ni sumu ya methanoli, ambayo ni habari nyingine kabisa na yenye haraka yake.

Kaunti ya Trans Nzoia si ngeni kwa ubunifu katika kupima macho. Daktari Hillary Rono wa Kitale aliongoza utafiti katika shule 50 za kaunti hiyo, uliochapishwa mwaka wa 2018, ambapo walimu walipima uoni wa wanafunzi kwa simu za mkononi na wazazi kukumbushwa kwa ujumbe mfupi. Kati ya kila watoto 100 walioelekezwa hospitalini kwa mpango huo, 54 walifika, ilhali kwa utaratibu wa kawaida walifika 22. Ni mafanikio ya kupigiwa mfano kwa magonjwa yanayokwenda polepole. Lakini jicho lililozimika asubuhi ya leo haliwezi kungoja ujumbe wa simu. Kwa hilo, mlango ni ule wa dharura, usiku au mchana, hata siku ambayo kliniki ya macho imefungwa.

Na anayefika katika mlango huo asiseme tu kwamba "jicho linasumbua", kwa maana maneno hayo humpeleka kwenye benchi. Aseme kwamba jicho moja limezimika ghafla, ataje saa, aseme haliumi, na aeleze kama liliwahi kuzimika na kurudi. Abebe vidonge vyake vyote, hata vile alivyoviacha. Kama mkono umelegea au maneno yanamponyoka, hilo alitangulize.